Shingo Ikishtuka, Msiipuuze

Wajukuu zangu mnaoendesha bodaboda, na nyinyi mnaomwachia kinyozi shingo aikunje mpaka ialike, nisikilizeni. Nilihudumu wodini miaka mingi, na kuna kiharusi cha vijana kisichongoja presha wala uzee.

Kijana wa miaka 29 aliteleza na pikipiki Jumatatu. Helmeti ilimlinda kichwa, lakini shingo ilirushwa upande kwa nguvu. Akajipangusa vumbi, akaendelea na kazi. Jioni maumivu yakamshika chini ya taya la kulia, yakapanda hadi nyuma ya jicho. Hayakufanana na maumivu yoyote aliyowahi kuyapata. Akameza panadol, akalala. Jumatano mama yake akamwuliza mbona kope la kulia limelegea. Akajibu ni usingizi. Alhamisi alfajiri kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto, na mguu wa upande huohuo ukakataa kusimama.

Mshipa mkubwa unaopandisha damu kichwani ni kama koti lenye bitana. Shingo ikipindwa ghafla, bitana inaweza kuchanika. Damu hupenya kwenye mchaniko, ikajikusanya kati ya bitana na kitambaa, na njia ikawa nyembamba. Hapo penye kidonda damu huganda, na kipande cha damu hiyo kikikatika huchukuliwa hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana kijana alipata siku tatu kabla ya kupooza. Lile kope nalo lilikuwa linasema: neva nyembamba zinazopanda na mshipa huo zilikuwa zimesongwa, na mboni ya jicho hilo ilikuwa ndogo kuliko ya pili.

Sisemi kila shingo inayouma imechanika mshipa. Nyingi ni misuli tu. Ninayoyaogopa ni maumivu mapya ya upande mmoja, ya shingo au ya kichwa, yanayofuata ajali, hata ndogo, au kukunjwa shingo. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, mkaeleze kilichotokea hata kama hamkuulizwa. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi mchaniko huu. Mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha CT kinachopigwa baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Msiende kuchuliwa. Wala msijipe aspirini nyumbani: daktari huenda akaitumia hiyohiyo kwa miezi kadhaa, lakini kwanza ahakikishe hakuna damu iliyovuja kichwani.

Mkono ukilegea, mdomo ukipinda, au mtu akianza kuona vitu viwili na kuyumba, angalieni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na si kila mgonjwa anafaa kupewa.

Kijana yule anatembea leo. Vifungo vya shati bado anafungiwa na mama yake, yule aliyeliona kope Jumatano.