Ukikosa Je?

Tuseme una genge hapa Kihesa na unadaiwa viazi vya shilingi 600,000. "Nitakulipa kidogo kidogo" si ahadi. Mwandikie mdai wako: leo natanguliza 150,000, kisha 90,000 kila tarehe 5 kwa miezi mitano. Atauliza, ukikosa je? Andika mwenyewe: nikichelewa siku 7, salio lote linadaiwa mara moja. Ni kali, ila bila hilo huenda asikubali. Basi hiyo 90,000 ipime kwa mauzo ya mwezi mbaya, si ya msimu. Na ujue: ukikiri deni kwa maandishi yenye saini yako, muda wa miaka 6 ambao mdai anaweza kukushtaki unaanza kuhesabiwa upya.