Alfajiri Mbili

Mjukuu wangu,

Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili, na sasa nasema naye anaandika. Umeuliza, bibi, miaka yote hii unaamka gizani, kwani unapata nini? Halafu ukasema tangu mambo ya Shakahola, mtu anayesali sana anakutia hofu.

Haki yako kuuliza. Msitu wa Shakahola uko hapa hapa Kilifi, bara ya Malindi. Tangu Aprili 2023 wamefukua huko miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe, ndio wakutane na Yesu. Na sitakwambia hiyo ni dini ya wengine. Kwetu pia wamo walioita vijana wakaue na wafe, wakawaahidi pepo.

Sasa nikujibu. Napata nini? Babu yako alitoka na dau asubuhi moja ya kusi. Nilikuwa nimesali, nimemwombea kwa jina lake. Hakurudi. Kesho yake adhana ikatoka, "sala ni bora kuliko usingizi", nikaamka nikasali. Kama sala ingekuwa malipo ya kununua kitu, siku hiyo ningeacha, manake nililipa na sikupewa.

Hapo ndipo naiona tofauti. Mtu anayesali ili alipwe, asipolipwa hubaki na njia mbili. Ataacha, au ataongeza bei. Atasema labda sikuomba vya kutosha, acha niongeze saa. Saa zikishindwa, atatoa pesa. Pesa zikishindwa, atatoa chakula chake, halafu cha mtoto. Biashara hiyo haina mwisho, manake siku zote kuna cha zaidi cha kutoa. Si lazima mtu awe mjinga kufika huko. Inatosha awe na shida kubwa na mtu wa kumwambia "bado kidogo".

Sala yangu ya alfajiri haiongezeki bei. Ni rakaa mbili za sunna na mbili za faradhi. Sisi Washafii, kwenye rakaa ya pili ya faradhi tunainua mikono tukasoma kunuti, ndiyo maana unaniona nakawia kidogo. Dakika chache, imekwisha. Niwe na shida niwe na raha, faradhi haiwi tatu. Maji hakuna, napaka mchanga safi. Magoti yakikataa, nasali nimekaa. Nilipokuwa na hedhi sikusali kabisa, na wala sikudaiwa kulipa. Saumu nayo ina mpaka wake. Jua likizama unafungua, tena unaambiwa usichelewe. Mtume alikataza watu kuunganisha saumu usiku na mchana bila kula. Mwenye mimba akihofia mwanawe, anakula. Mtoto mdogo hadaiwi. Kila mahali kuna ukuta unaosema basi, hapa inatosha.

Utaniambia, bibi, basi hayo ni mazoea tu. Ndiyo, ni mazoea. Ziko asubuhi nyingi moyo wangu baridi kama jiwe la kisima, nasali hivyo hivyo. Napenda kwamba sala hainiulizi najisikiaje. Mtu anayengoja ajisikie kitu kikubwa ndipo asali, atamtafuta wa kumpa hicho kitu kikubwa, na wa kumpa hakosekani.

Wala sisemi kipimo kinamfanya mtu mwema. Wapo wanaosali tano kwa siku na mikono yao inapiga wake zao. Kipimo kinazuia jambo moja tu, kwamba asije mtu akasimama kati yangu na Mungu wangu akaniongezea deni.

Babu yako alinifunza kuangalia bahari kabla ya subuhi. Alfajiri ziko mbili. Ya kwanza ni mwanga unaosimama wima juu ya maji, kama nguzo. Inapendeza, lakini ni alfajiri ya uongo. Inafifia, giza linarudi. Aliyesali kwa hiyo, sala yake haikusihi, atarudia. Ya kweli inakuja baadaye, imelala, inatanda kulia na kushoto kwenye ukingo wa bahari, na ikishaanza hairudi nyuma. Haina mshangao. Inaongezeka polepole tu mpaka unamuona jirani usoni.

Ndiyo maana huko mjini ukikutana na mtu wa dini, usimpime kwa wingi wa sala zake. Muulize dini yake inamwambia wapi aishie. Kama hakuna mahali, ondoka, hata kama anaongea maneno matamu.

Mimi sikuombi uamke. Umeniuliza, nimekujibu. Mama yako anasema mkono umechoka, na maharagwe yako motoni.

Bibi yako,
Malindi