Simu ya Baba na Simu ya Mtoto

Katika nyumba moja hapa Kolwezi, baba alimnyang'anya kijana wake simu wakati wa kula bukari, naye mwenyewe alikuwa na yake mkononi. Kijana akalia. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 wazazi waliagizwa kuongea na watoto wao wakiketi nyumbani. Baba huyu aliketi, lakini na nani?

Sasa jioni simu zote zinaingia kikapuni, ya baba kwanza. Mlio unabaki, maana mgodi unaweza kumwita usiku. Anajibu nje, anairudisha. Siku ya tatu mama aliishika: "Ninaangalia saa tu." Kisha umeme ukakatika, simu zikawa taa. Wakanunua saa ya ukutani na tochi. Juzi kijana alimkumbusha baba kikapu, na baba alitii.