Mishahara ya Mwisho na Msimu wa Kahawa

Mfanyakazi wa Karagwe au Kyerwa anayemaliza mkataba wa miaka miwili Omani mwezi Novemba hurudi wakati shamba halina fedha, kwa kuwa uvunaji wa kahawa ya robusta huanza takribani Mei, na malipo hufuata baadaye. Pengo hilo la miezi sita au zaidi ndilo humsukuma kwenye butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya chini, na hivyo mavuno ya kwanza huwa ya mnunuzi.

Tuseme mshahara ni riali 80, ambazo 50 hutumwa nyumbani kila mwezi. Akipunguza kiasi hicho hadi 20 katika miezi sita ya mwisho, baada ya kuwaarifu jamaa mapema (hapa ndipo mipango mingi huvunjika), na mwenyewe akatumia 10, atabaki na riali 300: 240 za kuikimu kaya kwa miezi sita, kila mwezi 40, na 60 za kupogolea mibuni na kuweka matandazo. Ada ya shule ya Januari, isipotengwa kabla ya miezi sita ya mwisho ya mkataba, itazila hizo 60 kwanza.