Mita 150 za Ziwa

Wanangu, nimeisoma rasimu yenu ya maombi kwa serikali kuhusu ufuko wa Tanganyika, ile mnayotaka masheikh na mapadri wa Bujumbura waitie saini pamoja. Nimeisoma taratibu, maana macho yangu hayana haraka tena. Kurasa za mwanzo zote zinasema binadamu ni khalifa wa Mungu duniani, na kwamba katika Mwanzo Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sina ugomvi na hilo. Ila nimelisikia mimbarini tangu utoto wangu hapa Buyenzi, na kuta zimezidi kusogelea maji.

Mwenye hoteli ufukoni naye anajiona mtunzaji: kapanda nyasi, kaweka mlinzi, anafagia mchanga kila asubuhi. Mwambieni ni khalifa, atawashukuru, kwa kuwa mmemthibitishia kwamba kauli ni yake. Hapo ndipo inapouma lawama ya Lynn White, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika mwaka 1967 kwamba Ukristo wa Magharibi ulimfundisha mtu kujiona bwana wa viumbe. Papa Fransisko aliijibu lawama ya namna hiyo mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si': kuitawala nchi si ruhusa ya kuipora, na kilio cha dunia na cha maskini ni kimoja. Jibu zuri. Lakini waraka husema na dhamiri, haupimi kiwanja.

Mbona mmeiacha harimu? Wanafiqhi wetu waliweka ukanda kando ya kisima na mto ambao haumilikiwi na mtu, ili watu wafike majini na tope linalochimbwa lipate pa kutupwa. Upana wake waliujadili kwa dhati. Katika madhehebu ya Hanafi, Abu Yusuf alitaka kila ukingo upewe nusu ya upana wa mfereji, na mwenzake Muhammad akataka upana wote. Jalaluddin Suyuti, Mshafii kama sisi, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima ya kuwakataza watu wa Kairo wasijenge kwenye ukingo wa Nili. Na katika madhehebu yetu jengo lililosimama ndani ya harimu hubomolewa, hata likiwa msikiti. Hapo hakuna anayeulizwa nia yake, anaulizwa ukuta wake uko wapi.

Burundi inayo harimu yake. Sheria ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012 inalipa ziwa Tanganyika ukanda wa mita 150, na mito inayoliingia, kama Ntahangwa, mita 25. Maombi yenu hayakuitaja hata mara moja. Kuna jambo lingine linalotaka kuamuliwa: mita hizo zinaanzia wapi? Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na kiwango chake hupanda na kushuka kwa miongo. Lilijaa sana miaka ya 1960, na mwaka 2024 likaingia tena majumbani. Wengine wakahubiri kuwa ni adhabu. Mimi nasema lilirudi lilikowahi kufika. Basi ombeni kipimo kianzie kwenye alama ya maji makuu, na nguzo zichimbiwe ardhini ambapo kila mtu ataziona. Kipimo kikianzia kwenye maji ya kiangazi cha ukame, mtakuwa mmegawa viwanja ndani ya ziwa.

Msiwasahau wazee wa Kirundi. Misitu ya makaburi ya wafalme, intatemwa, haikuguswa na shoka, maana mpaka wake ulijulikana na waangalizi wake walikuwepo. Lakini nguvu yake ilitegemea heshima ya ufalme, nao ufalme uliondolewa mwaka 1966. Mpaka usio na mtu wa kuusimamia huliwa kidogo kidogo.

Harimu nayo ina upungufu. Imejengwa juu ya haja za watu, kwa hiyo samaki wadogo wa mawe ya ufukoni, wasiopatikana kwingine duniani, hawana wakili ndani yake. Wala haifiki milimani juu ya mji, kunakotoka tope linalojaza mito yetu. Huko mtahitaji hoja nyingine, na hapo ukhalifa wenu na waraka wa Papa vitawafaa zaidi.

Ninachohofia zaidi ni utekelezaji. Tingatinga hufika kwanza kwa maskini wa ukingo wa Rusizi, waliofurikiwa Gatumba tangu mwaka 2020, na nyumba ya ghorofa ikabaki na hati yake. Kwa hiyo andikeni kifungu cha kudai hati zote zilizotolewa ndani ya mita 150 baada ya mwaka 2012 zitangazwe hadharani na kufutwa kabla ya kibanda chochote kuguswa, na wanaohamishwa wapewe kwanza kiwanja kikavu. Kisha, kabla ya kutafuta saini, chukueni futi mkapime majengo yote ya misikiti na ya parokia yaliyo karibu na maji. Orodha hiyo iwe kiambatisho cha kwanza.