Neno Moja Kwenye Faili

Usiku wangu wa kwanza wa zamu, nikiwa mwanafunzi wa udaktari, aliletwa mzee mmoja wa Kaloleni akitapika damu. Damu nyekundu yenye mabonge, karibu nusu beseni. Shati lake lilinuka chang'aa. Nesi akanitazama, nikamtazama, tukaelewana. Kwenye faili nikaandika: "Mlevi."

Presha yake ilikuwa 100 juu, kwa hivyo nikatulia. Daktari wa zamu alipofika hakuuliza habari ya pombe. Alishika kifundo cha mkono. Mkono baridi, mapigo 130 kwa dakika.

"Presha huanguka mwisho," akaniambia. "Mapigo ndiyo hulia kwanza."

Tukamlaza ubavu ili damu isiingie mapafuni. Tukaweka kanyula mbili nene, moja kila mkono, na sampuli ikakimbizwa maabara kutafutiwa damu inayolingana. Damu ilipofika, daktari aliitoa kwa kipimo. Ukiijaza mishipa kupita kiasi, kidonda kinafunguka tena.

Kisha akauvuta mkono wangu, akauweka tumboni upande wa kushoto. Bandama ilikuwa imeshuka hadi karibu na kitovu. Macho hayakuwa na umanjano.

"Mama, mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kuosha magari, daktari. Pale ziwani, miaka ishirini, maji mpaka magotini."

Hapo nikaona aibu. Waosha magari wa Kisumu wamefuatiliwa na watafiti wa kichocho tangu miaka ya 1990. Nilisoma habari zao na nikafaulu mtihani. Kiluwiluwi cha kichocho hutoka kwenye konokono, hupenya ngozi, na minyoo huishi kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yao husombwa hadi kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikikosa njia ndani ya ini, hupita kwenye mishipa midogo ya umio, ambayo huvimba, na siku moja hupasuka.

Ni kweli, chang'aa pia huweza kutia ini makovu. Na mkewe alikubali kwamba mzee hunywa. Basi kosa langu lilikuwa nini, ikiwa huenda nilisema kweli? Nadhani ni hili: neno langu lilifunga maswali. Mtu akishaitwa mlevi, nani atauliza alisimama wapi miaka ishirini? Nani atampa dawa ya minyoo, ambayo huua minyoo ingawa haifuti makovu? Nani atampima kijana wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na gambuti zake, akingoja kuche arudi kulekule ziwani?

Asubuhi mzee alikuwa hai, akisubiri kamera ya kufunga ile mishipa. Nikarudi kwenye faili. Sheria hairuhusu kufuta. Unapiga mstari mmoja, unatia sahihi, na neno linabaki likisomeka.