Kunguru Apewe Sumu, Paka Apewe Samaki

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kwamba linataka kuua kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Sisi wa Mombasa hatukushtuka. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Asili yake ni India na nchi jirani zake, na hapa kisiwani alianza kuonekana mnamo 1947. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anakupokonya bhajia mkononi, na kelele zake za alfajiri zinajulikana na kila aliyewahi kulala Kibokoni. Hukumu yake ikapita bila wakili: sumu.

Lakini ikiwa kosa la kunguru ni kuletwa na binadamu kisha kuwamaliza ndege wadogo, basi kuna mshtakiwa mwengine, naye amejinyoosha barazani. Paka pia aliletwa na binadamu. Paka pia anaua. Tena kunguru akichukua kinda, anakula. Paka wa Mji wa Kale aliyeshiba kichwa cha samaki bado atamrukia chozi kwenye waridi la jirani, amuue, kisha amwache hapo hapo kama mtu aliyekumbuka shughuli nyengine. Sasa mbona huyu tunampa sumu na yule tunampa samaki?

Watu wengi hujibu kwa moyo: paka ni mzuri, kunguru ni mchafu. Hilo si jibu, hilo ni upendeleo. Kabla hatujamhukumu yeyote, tujue kwanza kwa nini mnyama aliyeshiba anaendelea kuua.

Tuanze na hesabu. Panya mdogo wa nyumbani ana kalori kama 30 hivi. Paka mzima anahitaji kama 200 hadi 250 kwa siku. Yaani paka anayejitegemea lazima ashike panya saba au wanane kila siku, na mara nyingi akiruka anakosa. Paka wa kale aliyengoja njaa ndipo aanze kuwinda alikufa bila kuacha watoto. Waliobaki, ambao ndio mababu wa paka wetu, ni wale waliowinda kila nafasi ilipotokea. Ndiyo maana hamu ya kuwinda haiamshwi na tumbo peke yake. Inaamshwa na kitu kidogo kinachosogea, na mchakaro kwenye majani, na mlio mwembamba wa kinda.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa vibarua vya kuandika, kwa hivyo hili silihitaji kuelezwa mara mbili. Simu ya kazi ikilia unapokea, hata kama una pesa ya wiki nzima, kwa sababu hujui nyengine italia lini. Paka ana akili ya mtu wa kibarua.

Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec alilipima jambo hili. Aliwapa paka sita chakula wanachokipenda, na wakiwa katikati ya kula akawaletea panya hai. Wote sita waliacha sahani wakaenda kumuua panya, kisha wakarudi kwenye chakula chao kana kwamba hapakutokea kitu. Njaa ina kazi yake, ndiyo: paka mwenye njaa anaua haraka na anakula. Aliyeshiba anachelewesha, anarusha, anaachilia, anakamata tena. Sisi tunaita ukatili. Lakini windo hai lina meno na makucha, na paka asiye na haraka hana sababu ya kuhatarisha uso wake kabla halijachoka. Ukatili unataka mtu anayejua kwamba mwenzake anaumia na akaendelea. Paka hajui hilo. Wewe unajua. Hapo ndipo swali linapomtoka paka na kukujia wewe.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayelisha paka watano mlangoni pake, aliniambia nilipomgusia jambo hili: “Mwanangu, ukiwafungia paka, panya watatuhamisha.” Hoja yake ina uzito, maana kuwamaliza panya ndiyo kazi iliyomkutanisha paka na binadamu tangu siku za maghala ya nafaka. Lakini tutenganishe panya na panya. Yule mdogo wa jikoni paka anamuweza vizuri. Yule mkubwa wa mitaro, anayepita kifua mbele karibu na Marikiti, ni habari nyengine. Watafiti walitega kamera kwenye kituo cha taka huko Brooklyn, New York, palipojaa panya wakubwa na paka wa mitaani, na matokeo yakatoka 2018. Kwa siku 79 paka walijaribu kuua panya mara tatu tu, wakafaulu mara mbili. Panya hawakupungua, walijificha zaidi. Mtu akipita mchana asione panya, anasema paka wanafanya kazi.

Kwa hivyo panya wa mitaroni ataondoka taka zikiondoka. Paka, akimuona panya mkubwa kama kiatu, anatazama kando akatafuta anachokiweza: shomoro, mjusi, tetere mchanga, kirukanjia. Huyu kirukanjia ndiye anayenihuzunisha zaidi, maana paka hata hapendi ladha yake. Anamuua na kumwacha. Ukikuta kijinyama chenye pua ndefu kimelala mzima mlangoni, bila kuliwa hata sikio, mara nyingi ni yeye.

Na usidhani ukihesabu maiti za mlangoni umejua idadi. Katika jimbo la Georgia, Marekani, watafiti waliwavisha paka 55 wa nyumbani kamera ndogo shingoni. Katika mawindo yote yaliyorekodiwa, chini ya robo ndiyo yaliyoletwa nyumbani. Mengine yaliliwa huko huko, na karibu nusu yaliachwa pale yalipofia. Ukipanda juu ya paa la mabati ukakuta manyoya yamesambaa, umeona ile sehemu ya hesabu ambayo mlango haukuonyeshi.

Sasa mtu afanye nini? Utafiti ninaouamini zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotoka 2021. Walifuata paka 355, kila nyumba ikajaribu jambo moja, wakahesabu mawindo yaliyoletwa. Paka waliopewa chakula chenye protini nyingi ya nyama, kisicho na nafaka, walileta mawindo pungufu kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kwa siku, pungufu kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni, ambayo kila mtu huitaja kwanza, haikuonyesha tofauti. Tafiti nyengine zimeiona ikisaidia kiasi, lakini mimi singeitegemea peke yake.

Hilo la chakula lilinifanya niulize upya neno “kushiba”. Paka wengi wa kwetu hushibishwa ugali uliolowekwa mchuzi wa samaki. Tumbo linajaa, lakini paka ni mla nyama wa lazima: kuna virutubisho asivyoweza kujitengenezea vya kutosha, kama taurini, na ugali hauna. Waingereza hao walishuku kwamba paka anayekosa kitu mwilini huenda akakitafuta nje. Basi pindua vipimo: samaki, matumbo au moyo wa ng'ombe viwe ndio chakula, ugali uwe kidogo au usiwepo. Samaki mpike, maana baadhi yao wakiwa wabichi huharibu vitamini B1. Na ule mchuzi usiumwage, mpe pia, kwa sababu taurini huyeyukia kwenye maji ya kupikia.

Kucheza nako kuna namna yake. Funga unyoya au kitambaa kwenye uzi, uzi kwenye kijiti, kisha ukikokote kikimkimbia paka, sio kikimjia, maana hakuna panya anayekimbilia mdomo wa paka. Jioni kabla ya magharibi ni wakati mzuri. Mwache akamate mara kadhaa, usimkoseshe tu, halafu mpe chakula. Amewinda, amekamata, amekula, na sasa atalala. Baada ya hapo funga mlango mpaka jua lichomoze vizuri, kwa sababu alfajiri ndege wanashuka kutafuta chakula na macho ya paka kwenye mwanga hafifu yanayashinda yao. Na ukiona kinda limeanguka uani, mfungie paka siku mbili tatu hadi lijue kuruka.

Jambo la tatu ni pambo la rangi kali linalovalishwa juu ya ukanda wa shingo. Kule Exeter lilipunguza ndege kwa asilimia 42, kwa sababu ndege huona rangi vizuri sana na humgundua paka mapema. Kwa panya halikusaidia. Kipande cha leso nyekundu na njano kitafanya kazi hiyo hiyo kikishonwa kama kola, bora ukanda wenyewe uwe wa kuachia ukivutwa. Paka wa Mji wa Kale wanapita kwenye nondo za madirisha na juu ya kuta zenye misumari, na ukanda usioachia unaweza kumnyonga.

Wapo watakaosema kumfungia paka ni dhambi, na watataja hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuisome vizuri. Kosa lake lilikuwa mawili pamoja: alimfungia, na hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Anayemfungia usiku akiwa ameshiba, ana maji na mahali pa kulala, hayuko kwenye kesi ile.

Narudi kwa kunguru. Nadhani tunamtilia sumu kwa sababu hana wa kumdhamini. Hakuna anayemwita jina jioni. Paka anaye, na wazee walisema paka wa nyumba haingwi. Sawa, asifukuzwe. Lakini ukimwita jina umekubali pia deni lake, na mdai wako ni chozi asiyejua kudai.

Deni hilo linawafikia hata wale wa mtaani tunaowatupia vichwa vya samaki tukijiona wakarimu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano, akabeba siku 65 hivi, akashika tena huku ananyonyesha. Ukimlisha bila kumpeleka kuhasiwa, mwakani utakuwa umelisha ukoo mzima, wote na akili ya kibarua. Yule mama jirani bado hajafunga mlango wake usiku. Ila juzi aliniuliza daktari wa mifugo anatoza shilingi ngapi kwa paka watano. Tunachanga.